Choroko zilizoota: kwa nini nawaomba mzipitishe motoni

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita kwa wazazi na kikundi cha lishe cha mtaa wetu. Wengi walikuwa safarini, wengine walikuwa na msiba, wakaniomba niiandike yote. Naiweka kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za asubuhi.

Nimeitwa hapa kwa sababu ya chupa. Wiki tatu zilizopita nilimtembelea mama mmoja wa mtaa huu, mume wake ametoka hospitali hivi karibuni, bado dhaifu. Juu ya meza ya jikoni nikaona chupa kubwa ya kioo, mdomo umefungwa kwa kitambaa cheupe na mpira, ndani choroko zimeota mikia meupe ya urefu wa kidole. Nikamwuliza, mama, hizi unazifanyia nini? Akaniambia: "Ninamchanganyia mzee kwenye kachumbari, mbichi hivyo hivyo. Nimeambiwa zinarudisha nguvu." Na zilikuwa nzuri kwa macho. Safi, zinanukia kama nyasi iliyokatwa. Maji alikuwa anabadilisha asubuhi na jioni bila kukosa.

Sasa nawauliza nyinyi. Mama yule alikosea wapi? Chupa ilikuwa safi, maji safi, kitambaa kimefuliwa, mikono ameosha. Alikosea wapi?

Kwa usafi hakukosea. Na hiyo ndiyo sababu nimekuja kuzungumza, maana sisi watu wa afya tumezoea kusema "osheni mikono, osheni matunda" halafu tunaondoka. Kwa mbegu zilizooteshwa, kuosha hakutoshi. Nataka mjue sababu yake, kwa kuwa mtu akiijua sababu hahitaji kukumbushwa.

Nianzie mbali kidogo, Ujerumani, mwaka 2011.

Mwezi Mei mwaka ule, hospitali za mji wa Hamburg zilianza kupokea watu wanaoharisha damu. Siku chache baadaye figo za baadhi yao zikasimama. Tarehe 19 Mei taasisi ya taifa ya magonjwa, ile ya Robert Koch, ikapewa taarifa, na kesho yake wataalamu wakawa wamefika. Ugonjwa ulisababishwa na bakteria aina ya E. koli, namba yake O104, inayotoa sumu inayoharibu mishipa midogo ya damu, hasa ya figo. Mlipuko ulipoisha mwezi Julai, karibu watu 4,000 walikuwa wameugua, zaidi ya 800 kati yao figo zilishindwa kazi, na zaidi ya 50 wamefariki. Wengi walikuwa watu wazima wenye afya zao, na wengi zaidi wanawake.

Walikula nini? Hilo ndilo swali lililowatesa wataalamu. Waliwauliza wagonjwa, wakajibu nyanya, matango, saladi. Tarehe 26 Mei ikatangazwa kwamba ni matango kutoka Hispania. Wakulima wa Hispania wakamwaga mazao yao, na watu wakaacha kula mboga mbichi nusu ya Ulaya. Baadaye vipimo vikaonyesha kwamba bakteria waliokutwa kwenye matango hayo walikuwa wa aina nyingine kabisa. Matango hayakuwa na kosa.

Ukweli ulipatikana kwa njia ambayo mimi naipenda sana. Watafiti waliacha kuwauliza wagonjwa peke yao, wakaenda kuwauliza wapishi. Katika mji wa Lübeck kulikuwa na mgahawa ambao makundi kadhaa ya wageni yalikula, na baadhi ya watu katika kila kundi wakaugua. Wakachukua oda za kila meza, wakakaa na mpishi: chakula hiki kina nini ndani? Na hiki? Na juu yake unapamba na nini? Walipomaliza, kitu kimoja kilijitokeza. Wote waliougua katika makundi yale, bila kumwacha hata mmoja, walikuwa wameletewa sahani yenye mbegu zilizoota. Lakini wagonjwa walipoulizwa mwanzo, ni karibu mmoja tu kati ya wanne aliyekumbuka kwamba alikula. Nani anakumbuka majani mawili ya mapambo juu ya sahani, siku nane baada ya kula?

Tarehe 10 Juni wakatangaza rasmi. Njia zote zilikuwa zinarudi kwenye shamba moja dogo la kuotesha mbegu, kijiji cha Bienenbüttel. Shamba safi, la watu wanaopenda kilimo kisicho na dawa. Na hata wafanyakazi wa shamba lile, waliokula mazao yao wenyewe, waliugua.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili ya kisa hiki, maana hapa ndipo inapotugusa sisi wenye chupa za jikoni. Mwezi huo huo wa Juni, watu wakaanza kuugua karibu na mji wa Bordeaux, Ufaransa. Bakteria ni yule yule. Hawakuwa wamekwenda Ujerumani. Hawakuwa wamekula chochote kutoka shamba la Bienenbüttel. Walikuwa wamehudhuria sherehe kwenye kituo cha watoto, wakala supu ya baridi iliyopambwa kwa mbegu zilizoota. Na mbegu zile zilioteshwa pale pale kituoni, kutoka kwenye vipakiti vidogo vilivyonunuliwa dukani.

Je, shamba la Ujerumani na kituo cha watoto cha Ufaransa viliunganishwa na nini? Maji? Hapana. Mikono? Hapana. Viliunganishwa na mbegu. Mbegu za uwatu. Ndiyo, uwatu huu huu tunaoujua, tunaoutia kwenye achari na kuwapa wazazi waliojifungua. Uchunguzi wa Ulaya ulifuata nyaraka za mizigo, ukahitimisha kwamba chanzo chenye uwezekano mkubwa ni shehena moja ya mbegu za uwatu kutoka Misri, iliyosafirishwa mwishoni mwa mwaka 2009. Sehemu ikaenda Ujerumani kwa magunia, sehemu nyingine ikapita Uingereza kufungwa vipakiti vya kuuzwa Ufaransa. Niseme wazi kwamba bakteria mwenyewe hakuwahi kupatikana kwenye mbegu zilizobaki na kupimwa, na Misri ilipinga hitimisho hilo. Lakini nyaraka zilikutana mahali pamoja tu.

Pigeni hesabu: kutoka mwisho wa 2009 hadi Mei 2011. Kama hitimisho lile ni sahihi, bakteria walikaa kwenye mbegu kavu mwaka mmoja na nusu, wametulia, wanasubiri maji.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza. Uchafu haukuingia jikoni kwa yule mama. Kama upo, uliingia na mbegu. Choroko shambani huzaa karibu na ardhi, ng'ombe na mbuzi hupita, samadi humwagwa, panya na ndege huchezea ghalani, na zinaanikwa kwenye turubai chini. Mbegu ina mikwaruzo midogo na mipasuko kwenye ganda lake, na bakteria mmoja ni mdogo sana, anajibanza ndani ya ufa ambao jicho haliuoni. Ukiosha, maji yanapita juu yake. Hata wakulima wakubwa wa Marekani wanaoloweka mbegu kwenye dawa kali ya klorini, mara nyingi zaidi ya ile tunayotibia maji ya kunywa, wanaambiwa kwamba dawa hiyo inapunguza tu. Haimalizi.

Mtaniuliza: lakini choroko hizo hizo tunazipika kila wiki na nazi, mbona hatufi? Swali zuri. Kwa sababu mnazipika. Na kwa sababu kwenye mbegu kavu bakteria wako wachache mno. Tatizo ni siku zile tatu zinazokuja baada ya kuloweka.

Nije sasa kwenye joto na unyevu.

Mbegu ikipata maji, inaamka. Wanga wake unaanza kugeuka sukari, protini zake zinavunjika, ili kamche kapate chakula. Sehemu ya sukari hiyo inavuja nje, ndiyo maana maji ya kwanza ya kuloweka yana rangi na harufu. Sasa fikirini. Unataka mbegu iote, kwa hiyo unaipa nini? Unaipa maji. Unaipa joto la nyumbani, nyuzi 25 au 30, na hapa kwetu Machi hata zaidi. Unaifunika isikauke. Unaiweka kivulini, maana jua litaichoma. Unaiacha siku tatu mpaka tano.

Na bakteria anataka nini ili azaliane? Anataka maji. Anataka joto. Anataka chakula. Anataka asikaushwe, asipigwe na jua. Anataka muda.

Ni orodha moja! Hakuna namna ya kuiotesha mbegu vizuri ambayo haimwoteshi bakteria vizuri. Mboga nyingine haziko hivyo. Mchicha ukipatwa na uchafu, bakteria wanakaa juu ya jani kavu, kwenye jua na upepo, wengi wanakufa au hawaongezeki. Ukiosha, unapunguza waliopo. Choroko za chupani zimepitia hatua ambayo mchicha haukupitia, yaani siku kadhaa za kulelewa.

Nilifanya hesabu hii ubaoni, naiandika tena hapa. Bakteria hazai, anagawanyika: mmoja anakuwa wawili. Kwenye hali nzuri kabisa anaweza kugawanyika kila dakika 20, lakini mimi sitaki kuwatisha, kwa hiyo nachukua mwendo wa polepole, mara moja kila saa mbili. Saa mbili, wawili. Saa nne, wanne. Saa sita, wanane. Mnaona ni kitu kidogo. Baada ya siku moja nzima, 4,096. Bado unaweza kusema ni wachache. Lakini siku ya pili kila mmoja wa hao anafanya kama alivyofanya yule wa kwanza, na baada ya saa 48 unao zaidi ya milioni 16. Kutoka mmoja. Hawaendelei hivyo milele, chakula kinapungua na bakteria wengine wanagombea nafasi, lakini vipimo vya kweli vya mbegu zilizooteshwa zikiwa na salmonela, bakteria mwingine wa kuharisha, vimeonyesha kwamba ndani ya siku mbili wanafika mamilioni kwa kila gramu. Gramu moja ni choroko chache tu kwenye ncha ya kijiko.

Na kwa zile E. koli zinazotoa sumu, inakadiriwa kwamba chini ya bakteria 100 wanatosha kumwangusha mtu.

Sasa yule mama alikuwa anasuuza asubuhi na jioni. Kusuuza kunasaidia mbegu zisioze, na ni lazima. Lakini kama kuna mbegu moja tu yenye bakteria katikati ya mia tano, maji ya kusuuza yanamtoa kwenye mbegu ile na kumtembeza kwa zote. Ndiyo maana wakaguzi wa Marekani hawaelekezi wakulima wapime mbegu tu. Wanawaelekeza wapime maji yanayochuruzika, baada ya saa 48 za kuotesha, kwa kuwa maji yale yameshagusa kila mbegu kwenye pipa. Sisi hatuna maabara jikoni. Na mzizi ukichomoza, bakteria wanaweza kuingia kwenye nyufa na ndani ya kamche chenyewe. Wakiwa ndani, siki haiwafikii, chumvi haiwafikii, ndimu haiwafikii.

Basi utajuaje? Hutajua. Hili nalisema taratibu ili likae. Choroko zikiwa na utelezi, zikinuka uchungu, mikia ikigeuka kahawia, hizo zimeoza, tupa. Lakini salmonela na E. koli hazileti harufu, hazileti utelezi, hazibadili rangi. Choroko nzuri kuliko zote sokoni zinaweza kuwa nazo. Friji je? Friji inawapunguzia kasi, haiwaui. Ukiziweka friji siku ya tatu, umewahifadhi wale mamilioni.

Bibi mmoja aliyekaa mbele alinyanyua mkono hapa akaniuliza, akasema: "Mwanangu, sisi tumeotesha ulezi tangu enzi za mama zetu, tukanyweshea watoto uji wa kimea. Unatuambia tuliwapa sumu?"

Hapana, bibi. Na nilishukuru sana kwa swali lile. Kimea kinaota kwenye unyevu huo huo na joto hilo hilo, na bakteria wanaweza kuongezeka mule mule. Lakini mama zetu hawakukila kibichi. Walikianika kikakauka kabisa, wakasaga, wakapika uji. Moto ulikuwepo. Panapoharibika siku hizi ni hapa: kuna wanaopika uji mzito wa kawaida, wanautoa jikoni, kisha wanatia kijiko cha unga wa kimea ili ulainike na mtoto aumeze. Unalainika kweli, vimeng'enya vya kimea vinafanya kazi hiyo kwa dakika chache. Lakini kimea kile hakijapikwa. Ukishaona uji umelainika, urudishe jikoni uchemke tena, utokote, ndipo umpe mtoto. Hautakuwa mzito tena.

Hoja ya mwisho ni nani hasa aogope.

Mtu mzima mwenye afya akila mbegu mbichi mara kumi, huenda mara zote kumi asipate kitu. Siwadanganyi. Mbegu nyingi hazina bakteria hawa, na ndiyo maana watu hawaamini. Lakini mkumbuke nani tunampa choroko zilizoota. Tunampa mgonjwa apate nguvu. Tunampa mjamzito apate vitamini. Tunampa mtoto asiyependa mboga. Tunampa mzee asiye na meno ya kutafuna maharage. Hao ndio mwili wao hauwezi kupambana, na kwa mjamzito pamoja na mtu anayeishi na kinga pungufu, wataalamu wa nchi nyingi wanasema neno moja: wasile mbichi kabisa.

Mwaka 1996, mwezi Julai, katika mji wa Sakai nchini Japani, maelfu ya watoto wa shule za msingi waliugua E. koli kutokana na chakula cha mchana cha shule. Wachunguzi walisema chanzo kinachoelekea zaidi ni miche michanga ya figili nyeupe, mbegu zilizooteshwa siku chache na kuliwa mbichi. Watoto watatu walifariki. Mmoja wa waliopona alikuwa msichana wa miaka sita. Alikua, akawa mtu mzima, lakini figo zake zilikuwa zimeachiwa kovu na shinikizo la damu. Alifariki mwaka 2015, miaka 19 baadaye, kwa damu kuvuja kwenye ubongo iliyotokana na shinikizo lile.

Kwa hiyo mama yule nilimwambia nini? Sikumwambia amwage chupa yake. Choroko zilizoota ni chakula kizuri, zinaiva haraka, zina vitamini C ambayo choroko kavu zinayo kidogo tu. Nilimwomba abadilishe hatua moja tu. Tulifanya pamoja pale pale. Tulichemsha maji mengi kwenye sufuria, choroko kiganja kimoja kwa maji ya lita nzima, ili maji yasipoe zikiingia. Yalipotokota kwa nguvu tukazitia, tukasubiri yatokote tena, ndipo tukaanza kuhesabu dakika mbili. Tukachuja, tukala zikiwa moto na kachumbari pembeni. Zilikuwa bado zinavunjika mdomoni, kru kru. Ukipenda kukaanga, kaanga na kitunguu mpaka mvuke utoke kila mahali, si upande wa chini tu. Vitamini kidogo zitapotea, nakubali. Kisha uzile ndani ya saa mbili, kwa kuwa kuna bakteria wengine wanaojifunga ndani ya ganda gumu linalostahimili kuchemka, na hao huamka chakula kikiachwa mezani.

Na maharage mekundu msioteshe kwa kula mabichi hata siku moja, hata yangekuwa hayana bakteria mmoja. Yenyewe yana sumu yake ya asili inayotapisha vibaya, na kuota hakuimalizi. Yaloweke usiku, mwaga maji, chemsha kwa nguvu angalau dakika kumi, kisha endelea mpaka yaive.

Baba mmoja aliuliza, na kama mtu ameshakula? Kama hakuna dalili, usihangaike. Lakini kuhara damu, tumbo kukaza, na hasa mtoto akianza kukojoa kidogo, kupauka, kuvimba uso au miguu, usisubiri kesho. Usimpe vidonge vya kuzuia kuhara, na usimnunulie antibiotiki dukani kwa kubahatisha, maana kwa bakteria hawa zinaweza kuongeza sumu. Mpeleke hospitali. Na ukifika, daktari akikuuliza mtoto amekula nini, usimtajie ya jana tu. Rudi nyuma siku kumi, umtajie na kile kilichowekwa juu ya sahani kwa mapambo.